Kueleza kwa Picha bila Kujua Kuchora

Matini ya mhadhara uliotolewa kwa walimu wa madrasa na waumini wa misikiti ya Nyakahura, Biharamulo

 



Tumeombwa tueleze namna ile filamu fupi ya karatasi iliyozunguka katika simu za waumini ilivyotengenezwa, kwa kuwa wengi wamedhani kuna fundi mchoraji aliyeletwa kutoka mjini. Hakuna fundi. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tulifundishwa kunyoosha khatti, lakini hatukufundishwa kuchora hata kuku. Tutaeleza kila hatua kama ilivyo, ili mwalimu wa madrasa yoyote mwenye simu moja na kompyuta ya kuazima aweze kutengeneza yake.

Kwanza tukumbushane kisa chenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitika katika wilaya yetu hii ya Biharamulo. Haikuwa mara ya kwanza katika mkoa wa Kagera, kwani mwezi Machi 2023 ulitokea Bukoba Vijijini, ukaua watu sita. Huku kwetu, hadi ulipotangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025, walihesabiwa wagonjwa kumi, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa, na wote kumi walifariki dunia. Katika siku zile agizo lililowatatiza waumini kuliko yote lilikuwa lile la kutomgusa maiti. Muoshaji wa maiti ni mmoja wetu. Hukaa safu ya mbele msikitini, na kazi yake ni fardhi anayotuondolea sote. Ukimwambia asioshe bila kumweleza sababu, umemwambia aache dini. Ukimweleza sababu kwa maneno matupu, atakuuliza swali moja ambalo maneno hulijibu kwa shida: "Mtu amekwisha kufa, ugonjwa nao si umekufa?"

Swali hilo ndilo filamu yetu yote. Na hapa ndipo kazi inapoanza: filamu ya kueleza hujibu swali moja, nalo liwe swali ambalo mtu ameliuliza kweli kwa kinywa chake. Tungeweza kuongeza popo, historia ya ugonjwa na namna ya kuchanganya dawa ya klorini. Tungeweza pia kuingia katika suala la tayamamu kwa maiti asiyeweza kuoshwa, jambo ambalo fukahaa wameliandika tangu zamani, na ambalo hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 kuhusu maziko ya wagonjwa wa Ebola umelitaja. Yote hayo tuliyaacha nje, kwani kila moja lina swali lake na linastahili filamu yake.

Anayeanza hukimbilia picha. Sisi tunasema aanze na sauti. Andika maneno yatakayosemwa, yasome kwa sauti ukiwa na saa mkononi, kisha ukate. Msomaji wa Kiswahili asiyeharakisha husoma maneno 100 hivi kwa dakika, na kila sentensi inataka kimya cha sekunde mbili tatu baada yake, ili jicho limalize kazi lake kabla sikio halijapewa jambo jingine. Maneno yetu yote yalikuwa 87, nayo pamoja na vimya vyake yalichukua sekunde 75. Tunayanukuu hapa kama yalivyosemwa:

"Mtu akiugua Marburg, virusi hukaa katika damu yake, matapishi yake, kinyesi chake na jasho lake. Akifariki, virusi havifi pamoja naye, hubaki mwilini. Anayemwosha kwa mikono mitupu hutoka na virusi mikononi. Kutoka mkononi, huingia mwilini kwa njia ya jeraha, macho, pua au mdomo. Huenda asiumwe leo wala kesho; homa yaweza kuchelewa hata siku ishirini na moja. Kwa hiyo, kifo kikitokea baada ya homa kali na kutapika, usimguse marehemu wala nguo zake. Piga moja tisa tisa. Watumishi waliovaa kinga watamhifadhi na kumzika, nanyi mtasimama kwa umbali mtakaoelekezwa na kumswalia."

Sentensi nane. Maneno hayo tuliyapeleka kwanza kwa mtaalamu wa afya ayasome, kabla hatujakata hata karatasi moja. Kosa lililo katika maneno hurekebishwa kwa kalamu, bali kosa lililokwisha kuwa picha hurekebishwa kwa kazi ya siku nzima.

Sauti tuliirekodi kwa kinasa sauti cha simu yenyewe. Chumba kitupu chenye bati juu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na msikilizaji husikia kama mtu aliye ndani ya pipa. Tulirekodi katika chumba cha kulala, godoro limesimamishwa ukutani, blanketi limetundikwa mlangoni, na simu imewekwa umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni, ili pumzi za herufi "p" na "b" zisiipige moja kwa moja. Kila sentensi ilirekodiwa peke yake. Mtu akikosea ya tano, anarudia ya tano tu.

Sasa tuje kwenye picha, ambako wengi hukata tamaa. Mwanzo wa kila kitu ni kuelewa kwamba katika filamu ya namna hii kinachoeleza ni mabadiliko yanayotokea baina ya picha moja na inayofuata. Uzuri wa mchoro hauelezi kitu. Chukua sentensi ya pili, "virusi havifi pamoja naye". Mchoraji hodari angechora maiti akafanana na maiti, na mtazamaji angesikitika, lakini asingejifunza lolote. Sisi tulikata karatasi ya manila ya kijivu, umbo refu lenye ncha za mviringo, kama mtu aliyelala chini ya shuka. Juu yake tukapanga vidoadoa vyekundu kumi na viwili, vilivyotobolewa katika karatasi nyekundu kwa mashine ya kutoboa majalada. Katika sentensi ya kwanza umbo lile liko juu ya mkeka, na shuka limefika nusu. Katika sentensi ya pili shuka jeupe linasogea polepole mpaka linafunika mwili wote, na vidoa vyekundu vinabaki palepale, juu ya shuka, vilevile kumi na viwili. Hakuna kingine kilichobadilika. Jicho linaona kwamba kimoja kimekwisha na kingine hakikwisha, na swali la muoshaji limejibiwa.

Njia hii ya vipande vya karatasi juu ya ubao mweupe si yetu. Mume na mke wa mji wa Seattle, Marekani, Lee na Sachi LeFever, walianza kuitumia mwaka 2007 kueleza mambo ya intaneti kwa watu wasioyajua, wakivisukuma vipande kwa mikono mbele ya kamera, na wengi duniani wakawafuata. Fadhila yake kwa asiyejua kuchora ni kwamba umbo hukatwa mara moja kwa subira, na ukilikosea unakata jingine; hulazimiki kuchora mbele ya kamera ilhali mkono unatetemeka.

Maumbo tuliyoyahitaji yalikuwa machache. Umbo la mtu aliyelala na shuka tumekwisha kuyataja. Mkono ni mchoro ambao kila mwanadamu anaweza kuuchora bila kufundishwa: weka kiganja chako juu ya manila, zungusha penseli, kata. Tulikata miwili. Ndoo ni pembenne iliyobanwa chini. Mavazi ya kinga tuliyapata kwa kufuatisha: picha ya kipeperushi cha afya iliwekwa kwenye kioo cha dirisha mchana, karatasi nyeupe juu yake, na mwanga wa nje ukatuonesha mistari ya kufuata. Kama huna picha ya kufuatisha, zipo hazina za michoro iliyotolewa bure kwa watu wote, kama Openclipart, ambayo unaweza kuichapisha na kuikata bila kudaiwa na mtu.

Nyuso hatukuweka. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kutengeneza sura za viumbe wenye roho, nasi hatukukusudia kuufungua mlango huo katika filamu ya dakika moja na robo itakayopita katika misikiti yenye mitazamo mbalimbali. Umbo lisilo na uso halimkwazi mtu. Bali sharti hili lilituletea tatizo la kweli katika sentensi ya nne, inayotaja macho, pua na mdomo. Duara lenye alama hizo tatu tayari ni uso. Kuonesha jeraha la mkononi peke yake ilikuwa rahisi, lakini ingekuwa hatari, kwa sababu mtazamaji hukumbuka alichokiona kuliko alichokisikia. Angeondoka akiamini kwamba asiye na jeraha yu salama. Tukaamua kukata kadi nne ndogo, tukaandika neno moja katika kila kadi, JERAHA, MACHO, PUA, MDOMO, tukazipanga kuuzunguka mkono wenye vidoa, na mshale ukatoka mkononi kwenda kila kadi. Hapa tu ndipo tulipoandika maneno yaleyale yanayosemwa. Mahali pengine popote tuliepuka kuandika sentensi ubaoni wakati sauti inaisoma, kwa kuwa mtu hawezi kusoma, kusikiliza na kuangalia umbo likisogea kwa wakati mmoja. Huacha moja, na mara nyingi huacha lile ulilotaka aone.

Mishale ndiyo iliyotakiwa kuonekana kana kwamba inachorwa papo hapo. Kwa hili ipo hila ambayo haihitaji mkono hodari. Chora mshale wote kwanza juu ya ubao mweupe, kwa utulivu, na kama umepinda futa na uchore tena mpaka uridhike. Upige picha. Kisha ufute kwa kitambaa, upana wa kidole kimoja, kuanzia kwenye ncha, upige picha tena. Futa kidole kingine, piga picha. Mshale wa shibiri moja huchukua picha sita au saba. Baadaye, katika kompyuta, zipange kinyumenyume: ile tupu iwe ya kwanza na ile kamili iwe ya mwisho. Mtazamaji ataona mshale unakua mbele yake, umenyooka. Kwa njia hiyohiyo unaweza kuandika neno zima kwa khatti nzuri, hata kama uliliandika kwa robo saa.

Siku 21 tulizionesha kwa visanduku. Mistari mitatu ya visanduku saba ilichorwa kwa rula, na kila kisanduku kikafunikwa kwa kipande cha karatasi ya njano, kimoja baada ya kingine, picha 21. Kila picha tuliiachia theluthi ya sekunde, hivyo zoezi lote likapita katika sekunde saba, muda uleule wa sentensi ya tano. Mkono wenye vidoa ulibaki pembeni muda wote huo ili ieleweke ni nini kinachohesabiwa.

Vifaa vya kupigia picha havikuzidi vilivyomo nyumbani. Ubao mweupe mdogo, wa upana wa sentimita 60 hivi, ulilazwa mezani. Viti viwili vikawekwa pande mbili za meza, ubao wa mbao ukavuka juu yake, na simu ikalazwa juu ya ubao wa mbao kamera ikiwa imechomoza ukingoni na kuangalia chini. Simu ikalazwa upande wa tofali dogo lililofunikwa kitambaa ili isisogee, na pembe nne za ubao mweupe zikatiwa alama mezani kwa solotepu. Ubao ukisogea hata nusu sentimita katikati ya kazi, filamu nzima itaruka, na jicho la mtazamaji litafuata mruko badala ya mshale. Kugusa kioo cha simu kila mara nako huisogeza. Kwa hiyo tulichomeka waya wa spika za masikioni, kwani katika simu nyingi kitufe chake cha kuongeza sauti hupiga picha. Simu isiyokubali hivyo, itumie saa ya kuchelewesha ya sekunde tatu.

Mwanga ndio unaoharibu kazi za wengi, na dalili yake ni kwamba filamu inapepesa, mara nyeupe mara ya kijivu. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni wingu: jua la mlangoni huingia na kutoka, na picha zilizofuatana hazifanani. Ya pili ni simu yenyewe, ambayo hujirekebisha mwanga kila kitu kipya kinapoingia ubaoni. Dawa ya ya pili ni kubonyeza kidole juu ya kioo na kukishikilia mpaka simu iandike kwamba imefunga, mara nyingi kwa maneno AE/AF LOCK au alama ya kufuli. Dawa ya ya kwanza ni kufanya kazi kwenye kivuli cha upande mmoja wa nyumba, saa nne hadi saa sita, au usiku kwa taa mbili za umeme zilizowekwa kulia na kushoto. Taa ya juu ya kichwa haifai, kwani ubao mweupe huirudisha kama kioo, na katikati ya kila picha kutakuwa na doa jeupe linalong'aa.

Picha zote zilifika 74. Zilihamishiwa kwenye kompyuta na kupewa nambari kwa mpangilio wa filamu. Kuziunganisha na sauti tulitumia programu ya Shotcut, inayopatikana bure na isiyoweka nembo yake juu ya kazi ya mtu. Sauti huwekwa kwanza kwenye mstari wa chini. Kisha picha huletwa kwenye mstari wa juu, na kila moja hurefushwa au kufupishwa kwa kuvuta ukingo wake mpaka ilingane na neno lake. Kanuni tuliyoifuata ni kwamba umbo linasogea pale neno linapotajwa, au nukta moja baada yake, wala si kabla. Shuka likimfunika marehemu kabla sauti haijasema "akifariki", mtazamaji hujiuliza kuna nini, na sentensi inampita.

Anayetaka kufanya hivyo bila programu ya kuvuta kwa mkono, anaweza kuziunganisha picha zote kwa amri moja ya programu ya bure iitwayo ffmpeg. Mfano huu hupitisha picha tatu kwa sekunde, zikiwa zimepewa majina picha001.jpg, picha002.jpg na kuendelea:

```
ffmpeg -framerate 3 -i picha%03d.jpg -vf "scale=640:-2,format=yuv420p" -c:v libx264 picha.mp4
```

Kasoro ya njia hii ni kwamba kila picha hupata muda sawa, kwa hiyo picha inayotakiwa kukaa sekunde nne lazima inakiliwe mara kumi na mbili. Kwa zile visanduku 21 inafaa sana. Kwa filamu nzima inachosha.

Upana wa nukta 640 unatosha kwa simu. Tuliitoa filamu kwa kipimo cha kilobiti 400 kwa sekunde, sauti ikiwemo, na kwa sekunde 75 hiyo ni kilobiti 30,000, yaani chini kidogo ya megabaiti 4. Karatasi tulivu isiyo na mandhari nyuma yake haiharibiki kwa kubanwa hivyo. Video ya mtu anayehutubia chini ya miti ingekuwa imejaa vijiboksi.

Kabla haijatumwa popote, filamu ilijaribiwa, na katika jaribio hili tunaomba ndugu zetu msifanye pupa. Tuliwaita watu wanane mmoja mmoja, wakiwemo wazee wawili wasiosoma, tukawaonesha filamu bila sauti. Hatukumuuliza yeyote, "Umeelewa?" Kwa adabu zetu, mzee akiulizwa na mwalimu kama ameelewa atajibu amefahamu, alhamdulillahi, na hutajua kitu. Tulimwambia, "Mzee wetu, tuhadithie ulichokiona." Mmoja alivihadithia visanduku vya siku kuwa ni dirisha linalozibwa, tukaandika nambari 1 hadi 21 ndani yake, na aliyefuata akasema ni kalenda. Mwingine aliviona vidoa vyekundu kuwa damu. Hilo tuliliacha, kwani sauti ikiwekwa hukaa sawa, na damu ni mojawapo ya vinavyoambukiza.

Lililotushangaza ni alama ya X. Katika sentensi ya sita tulikusudia kuweka X nyekundu juu ya mikono miwili inayoelekea kwa marehemu, na nyuma yake kulikuwa na umbo la nyumba. Mama mmoja akasema nyumba hiyo inakwenda kubomolewa. Nasi sote tunaokaa kando ya barabara ya kwenda Rusumo tunajua amepata wapi tafsiri hiyo: X nyekundu ukutani ni nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara. Alama ambayo shuleni ni kosa, barabarani ni bomoabomoa. Tukaiondoa nyumba, tukaiondoa na X, tukaifanya mikono ile irudi nyuma hatua kwa hatua mpaka itoke nje ya ubao. Wote walioioneshwa baada ya hapo walisema, "Wanaacha kumshika."

Jaribio la pili lilikuwa na sauti, nalo lilikuwa na swali moja tu mwishoni: "Jirani yako akifariki usiku huu kwa homa na kutapika, utafanya nini kwanza?" Anayejibu kwamba atapiga simu amefikiwa. Anayejibu kwamba atavaa mifuko ya plastiki mikononi kisha aoshe, filamu haijamfikia, hata kama ameisifu. Tulipata jibu hilo mara moja, na kwa ajili yake ndiyo maana katika picha ya mwisho mavazi ya kinga yanaonekana kutoka kichwani hadi miguuni, yakakaa ubaoni sekunde tano nzima.

Kuna ukomo. Filamu kama hii huonesha vizuri jambo lenye sababu na matokeo: kile kikatoka hapa, kikaenda pale, kikakaa siku kadhaa. Haifundishi kazi ya mikono. Namna ya kuvaa na hasa kuvua mavazi ya kinga haifundishwi kwa vipande vya karatasi, bali kwa mwalimu aliyesimama mbele ya mtu na kumsahihisha. Aliyeona picha akadhani amejifunza kuvua glavu amejiponza.

Limebaki jambo la lugha. Hapa Nyakahura wapo Wasubi, Wasukuma, Waha na Wahangaza, na wapo bibi zetu ambao Kiswahili cha redioni huwapita. Kwa kuwa picha zetu hazina sentensi zilizoandikwa isipokuwa zile kadi nne, filamu yaweza kubadilishwa sauti na picha zikabaki. Wazo hili ni la zamani katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la filamu za mafunzo kwa Waafrika, zikiwemo za kilimo na afya, wakazizungusha kwa lori katika Afrika Mashariki na ya Kati. Filamu zao zilikuwa kimya, na sauti ilikuwa katika sahani za santuri zilizopigwa pembeni, ili picha moja iweze kusemeshwa lugha mbalimbali. Shida yao ilikuwa kuoanisha sahani na picha. Shida hiyohiyo utaikuta leo, kwani sentensi ya Kisubi haina urefu wa sentensi ya Kiswahili. Vile vimya vya sekunde mbili tatu tulivyoviacha baada ya kila sentensi ndivyo vinavyompa nafasi msomaji wa pili. Naye arekodi huku akiitazama filamu bila sauti, wala si kwa kusoma karatasi peke yake. Kisha sauti mpya huwekwa bila kugusa picha:

```
ffmpeg -i filamu.mp4 -i kisubi.m4a -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac kisubi.mp4
```

Na kila sauti mpya ipitie tena kwa mtaalamu wa afya anayeijua lugha hiyo, na lile swali la jirani aliyefariki usiku liulizwe upya kwa wenye lugha yao.

Filamu ikishaingia katika simu za watu hairudi. Itakuwa inazunguka miaka mitano ijayo, pengine wakati wa ugonjwa mwingine wenye maagizo mengine. Kwa hiyo kadi ya mwisho yenye nambari 199 iandikwe pia mwezi na mwaka, na jina la ugonjwa, ndani ya picha yenyewe. Vikiandikwa katika jina la faili au katika ujumbe uliofuatana nayo, vitadondoka mara ya kwanza mtu atakapoituma kwa mwenziwe.